Kupanga makundi ya umri kwa LOOKUP na jedwali dogo la vizingiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu kazi moja. Unayo orodha ya watu katika lahajedwali, safu moja ina umri wao kwa miaka, na unataka safu nyingine ioneshe kila mmoja yumo katika kundi gani. Mfano tutakaoutumia kwa sehemu kubwa ni orodha ya wanachama wa ushirika nchini Kenya, kwa kuwa Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010, katika ibara ya 260, imeweka mipaka ya umri kwa maneno yasiyo na utata: mtoto ni mtu ambaye hajafikisha miaka 18, kijana ni aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35, na mzee ni aliyefikisha miaka 60. Walio kati ya 35 na 60 Katiba haikuwapa jina la pekee, kwa hiyo hapa tutawaita watu wa umri wa kati.

Majina yamo katika safu A, umri katika safu B kuanzia seli B2, na kundi litaandikwa katika safu C. Pembeni, katika seli E2 hadi F5, limewekwa jedwali dogo la vizingiti. Kizingiti ni umri ambao mtu akishaufikisha anaingia katika kundi jipya:

```
     E     F
2    0     Mtoto
3    18    Kijana
4    35    Umri wa kati
5    60    Mzee
```

Fomula inayoandikwa katika C2 na kunakiliwa hadi mwisho wa orodha ni hii:

```
=LOOKUP(B2,$E$2:$E$5,$F$2:$F$5)
```

LOOKUP inafanya nini hasa inapopewa umri?

Inachukua umri ulio katika B2, inaingia katika safu ya vizingiti, na kutafuta kizingiti kikubwa kuliko vyote ambacho hakiuzidi umri huo. Ikishakipata, inarudisha neno lililo katika mstari huohuo upande wa pili. Mwanachama mwenye miaka 41 ameshapita 0, 18 na 35, lakini hajafika 60. Kizingiti kikubwa alichokipita ni 35, kwa hiyo anaandikiwa «Umri wa kati». Mwenye miaka 18 kamili anaandikiwa «Kijana», kwa sababu kizingiti kilicho sawa na umri kinahesabiwa kuwa kimefikiwa.

Kanuni hiyo moja ndiyo inayoeleza karibu kila jambo linalofuata, yale yanayokwenda vizuri na yale yanayoharibika. Ni vyema kuishika kwa maneno yake: kizingiti kikubwa kuliko vyote kisichouzidi umri.

Mbona jedwali lina mwanzo wa kila kundi tu, bila mwisho wake?

Kwa sababu mwisho wa kundi moja ni mwanzo wa kundi linalofuata, na kuuandika mara mbili ni kujitafutia makosa. Anayeandika «0 hadi 17», kisha «18 hadi 34», huwa ameacha nafasi kati ya 17 na 18 bila kukusudia. Umri ukiwa namba nzima nafasi hiyo haionekani, lakini siku utakapoingizwa umri wa 17.6, mtu huyo hatakuwa na kundi. Katika jedwali la vizingiti nafasi ya namna hiyo haiwezi kuwepo: 17.6 haijafika 18, basi inabaki katika kundi la kizingiti cha 0, na mtu huyo ni mtoto kama Katiba inavyosema.

Kizingiti cha kwanza kiwe 0, si 1. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka ana umri wa 0 kwa miaka iliyotimia, na jedwali likianza na 1 hatakuwa na kizingiti chochote alichokifikia.

Sheria au mwongozo unasema «hadi miaka 35». Niandike 35 au 36?

Hili ndilo swali linalostahili kutafakariwa kabla ya kugusa kompyuta, kwa kuwa LOOKUP haiwezi kukujibia. Lazima usome maneno ya mwenye mwongozo na uamue aliye na miaka 35 kamili anaangukia wapi.

Katiba ya Kenya inasema kijana ni mtu ambaye hajafikisha miaka 35. Aliyefikisha 35 leo asubuhi si kijana tena kwa maana hiyo, kwa hiyo kizingiti cha kundi linalofuata ni 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2006 mjini Banjul, unasema vijana ni watu wa umri kati ya miaka 15 na 35. Kwa desturi ya kuhesabu miaka iliyotimia, mwenye 35 yumo ndani, naye anabaki ndani mpaka siku moja kabla ya kutimiza 36. Kizingiti cha kundi la vijana hapo ni 15, na cha kundi linalofuata ni 36.

Tofauti ya namba moja katika seli moja inahamisha kila mwenye miaka 35 kutoka kundi hadi kundi. Ikiwa ushirika una mkopo uliotengwa kwa vijana, kuna watu watakaoupata au kuukosa kwa sababu ya seli hiyo. Ninashauri chanzo cha kila kizingiti kiandikwe katika safu ya tatu ya jedwali, kwa mfano «Katiba 2010, ib. 260», ili atakayelirithi faili asibadilishe 35 kuwa 36 akidhani anarekebisha kosa.

Namna rahisi ya kutafsiri maneno kuwa kizingiti ni hii: penye «hajafikisha N» au «chini ya N», kundi linalofuata linaanza na N; penye «hadi N», pamoja na mwenye N, kundi linalofuata linaanza na N + 1.

Seli ya umri inaonesha 18, lakini kundi linasema «Mtoto». Je, LOOKUP imekosea?

Haijakosea. Imeona namba iliyomo ndani ya seli, nawe unaona namba iliyopambwa kwa ajili ya macho. Seli ikipangiwa kutoonesha desimali, 17.6 itaonekana kuwa 18, ila ndani inabaki 17.6, na hiyo ndiyo LOOKUP inayoilinganisha na vizingiti. Bofya seli yenyewe, au ongeza idadi ya desimali zinazooneshwa, na ukweli utajitokeza.

Mara nyingi chanzo chake ni umri uliokokotolewa kutoka tarehe ya kuzaliwa kwa kugawanya siku kwa 365.25. Chukua mwanachama aliyezaliwa tarehe 15 Juni 2005, na orodha inayofungwa tarehe 15 Juni 2023, siku anayotimiza miaka 18. Kati ya tarehe hizo kuna miaka 18 yenye siku 365, ambazo ni siku 6,570, pamoja na siku nne za nyongeza za Februari 29 katika miaka ya 2008, 2012, 2016 na 2020. Jumla ni siku 6,574. Ukizigawanya kwa 365.25 unapata 17.9986. Seli isiyo na desimali itaandika 18, na LOOKUP itaandika «Mtoto», siku ileile ambayo sheria inamwita kijana.

Usilitibu tatizo hili kwa ROUND, kwa sababu ROUND itampandisha pia mwenye 17.6, ambaye kweli ni mtoto. Wala INT haitamsaidia huyu wa 17.9986, kwa kuwa itamshusha hadi 17. Dawa ni kuhesabu miaka iliyotimia kwa kalenda yenyewe. Ikiwa tarehe ya kuzaliwa iko katika D2, na tarehe ya kufunga orodha imeandikwa katika H1, umri katika B2 uwe:

```
=DATEDIF(D2,$H$1,"Y")
```

DATEDIF haijitokezi katika orodha ya mapendekezo Excel inapokusaidia kuandika fomula, lakini ukiiandika yote inafanya kazi, na inafanya kazi pia katika Google Sheets na LibreOffice Calc. Kwa mwanachama wetu inatoa 18.

Tarehe ya kufunga orodha iandikwe kwa mkono katika seli yake. Ukiweka TODAY() badala yake, umri utajikokotoa upya kila faili linapofunguliwa, na orodha uliyoiwasilisha mwezi Juni haitalingana na ileile utakayoifungua Disemba, ingawa hakuna aliyeigusa.

Mtu ambaye umri wake haukuandikwa amewekwa katika kundi la watoto. Kwa nini?

Kwa sababu katika Excel, seli tupu inayopelekwa kwenye LOOKUP inachukuliwa kuwa 0, na jedwali lina kizingiti cha 0. Hapatokei kosa lolote la kuonekana: fomula inarudisha «Mtoto» kwa utulivu, na neno hilo linahesabiwa pamoja na watoto wa kweli. Katika orodha ambayo makarani kadhaa wameijaza kwa siku nyingi, seli tupu hazikosekani, na idadi ya watoto inavimba kwa kiasi hichohicho.

Kwa sababu hiyo, fomula ya kutumiwa kazini isiwe ile fupi niliyoionesha mwanzoni. Iwe hii:

```
=IF(B2="","Haujulikani",LOOKUP(B2,$E$2:$E$5,$F$2:$F$5))
```

Usiache nafasi ile ikiwa tupu kwa kuandika "" mahali pa «Haujulikani». Kundi la wasiojulikana umri ni taarifa, na msomaji wa jedwali la mwisho ana haki ya kujua ni wangapi.

Angalia pia seli zinazoonekana tupu lakini zina nafasi iliyobofywa kwa bahati mbaya. Hizo si tupu machoni pa fomula; ni maandishi, na zitatoa #N/A.

Na umri uliokosewa, kama 340 badala ya 34, unaishia wapi?

Unaishia kwa wazee. Kizingiti cha mwisho hakina dari, hivyo kila namba kuanzia 60 kwenda juu ni «Mzee», iwe 72 au 340. Ongeza mstari mmoja chini ya jedwali, kizingiti 120, na mbele yake «Kagua umri», kisha urefushe masafa ya fomula hadi E6 na F6. Binadamu aliyeishi miaka mingi zaidi kwa ushahidi uliothibitishwa, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Kwa orodha ya ushirika, kumkagua mtu wa miaka 120 si kumkosea heshima.

Mstari huo hata hivyo hautakamata namba za siri. Baadhi ya madodoso huandika 98 au 99 mahali pa umri usiojulikana, na namba hizo zinapita kama wazee halali. Ukipokea data ya mtu mwingine, panga safu ya umri kutoka kubwa hadi ndogo na utazame mistari ya juu. Ukiona wenye miaka 99 ni wengi na wenye 97 au 96 hakuna, hao si wazee, ni watu ambao hawakuulizwa au hawakujibu. Waondolee namba hiyo uache seli tupu, na fomula ya juu itawapeleka «Haujulikani».

Ninapata #N/A. Nianzie wapi?

Tazama kwanza namna makosa yalivyotapakaa kwenye safu, kwa kuwa mtapakao wenyewe unaonesha chanzo.

Makosa yakiwa machache na yametawanyika, kwa kawaida umri katika mistari hiyo umeingia kama maandishi. Namba ya kweli hujipanga upande wa kulia wa seli, na maandishi hujipanga kushoto, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio. «23» iliyoingia kama maandishi si 23 kwa LOOKUP, nayo haiwezi kulinganishwa na vizingiti ambavyo ni namba. Teua safu, nenda kwenye menyu ya Data, chagua Text to Columns, kisha ubofye Finish bila kubadilisha kitu. Namba zitarudi kuwa namba. Maandishi halisi kama «miezi 8» au «mtu mzima» hayatarudi, na hayo lazima yasomwe na mtu. Chanzo kingine cha kosa la hapa na pale ni umri hasi, unaotokea tarehe ya kuzaliwa inapokosewa. -1 haijafikia hata 0.

Makosa yakianza machache juu na kuongezeka jinsi unavyoshuka, umesahau alama za dola. Bila dola, fomula inapoteremshwa mstari mmoja, jedwali nalo linateremka: mstari wa 3 unatafuta katika E3:E6 na kupoteza 0, hivyo watoto wanapata kosa, mstari wa 4 unapoteza na 18, hivyo vijana wanafuata, kufikia mstari wa 6 jedwali lote limebaki nyuma na kila mtu ana kosa. Safu nzima ikiwa na kosa kuanzia mstari wa kwanza kabisa, angalia kama vizingiti vyenyewe ndivyo vilivyoingia kama maandishi.

Usiharakishe kuifunika #N/A kwa IFERROR. Kosa linaloonekana linakuambia pa kwenda.

Je, ni lazima vizingiti vipangwe kuanzia kidogo hadi kikubwa?

Ni lazima, na kulivunja sharti hili ni hatari kuliko #N/A, kwa sababu majibu yanatoka yakiwa mazuri kwa sura na mabaya kwa maana.

LOOKUP haisomi vizingiti kimoja baada ya kingine. Inakwenda katikati ya orodha, inauliza kama kizingiti cha hapo kinauzidi umri, kisha inaitupa nusu moja na kuendelea na nusu nyingine kwa mtindo huohuo. Njia hiyo ni ya haraka, lakini inaamini kwamba kila kilicho chini ya mahali fulani ni kikubwa zaidi. Imani hiyo ikiwa si kweli, inatupa nusu isiyostahili kutupwa.

Tuseme mtu aliyekuwa akiongeza makundi ameweka mistari kwa mpangilio huu: 0, 18, 60, 35. Mwanachama wa miaka 40 anatafutwa; 60 inamzidi, kwa hiyo LOOKUP inarudi juu na kuishia kwenye 18, na 35 iliyo chini ya 60 haifikiwi kamwe. Anaandikiwa «Kijana». Mwanachama wa miaka 65 anatafutwa. Amepita 60, LOOKUP inashuka zaidi, inakuta 35, ambayo pia ameipita, na inasimama hapo. Anaandikiwa «Umri wa kati». Katika orodha yote hakuna hata mmoja atakayeitwa «Mzee», na kila mtu kuanzia miaka 35 kwenda juu ameshushwa kundi moja. Watoto na vijana wako sawa, kwa hiyo anayekagua mistari michache ya juu, penye vijana, hataona chochote.

Dalili ya kuitafuta ni kundi lisilo na mtu hata mmoja wakati unajua watu wa umri huo wapo. Ukiiona, panga jedwali upya kwa safu ya vizingiti, huku ukiteua safu zote mbili ili majina yahame pamoja na namba zake.

Nina watoto wachanga, na makundi yanatumia miezi. Jedwali litakuwaje?

Badilisha kila kitu kiwe kwa miezi: umri na vizingiti pia. Mfano mzuri ni makundi ya wagonjwa wa nje katika taarifa za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini Tanzania, ambayo ni chini ya mwezi 1. Mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1. Mwaka 1 hadi chini ya miaka 5. Miaka 5 hadi chini ya miaka 60. Na miaka 60 na kuendelea. Kwa miezi, jedwali, safari hii katika seli F2 hadi G6, linakuwa hivi:

```
0      Chini ya mwezi 1
1      Mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1
12     Mwaka 1 hadi chini ya miaka 5
60     Miaka 5 hadi chini ya miaka 60
720    Miaka 60 na kuendelea
```

Ikiwa miaka iko katika B na miezi ya ziada katika C, kundi litaandikwa katika safu ya D kwa fomula hii:

```
=IF(COUNT(B2:C2)=0,"Haujulikani",LOOKUP(B2*12+C2,$F$2:$F$6,$G$2:$G$6))
```

Mtoto wa miaka 4 na miezi 11 ana miezi 59, basi yumo katika kundi la kizingiti cha 12. Mwezi ukitimia anafika 60 na kuingia kundi la miaka 5. Mtoto wa siku 20 ana miaka 0 na miezi 0, na sufuri hizo ziandikwe waziwazi, kwa kuwa ndizo zinazomtenganisha na yule ambaye umri wake haukuandikwa kabisa. Katika fomula hii COUNT inahesabu seli zenye namba, hivyo mstari ambao seli zake zote mbili hazina namba ndio pekee utakaoitwa «Haujulikani».

Kosa linaloumiza zaidi hapa ni miezi kuandikwa katika safu ya miaka. Mtoto wa miezi 8 anageuka kuwa wa miaka 8, anaruka makundi mawili, na anahesabiwa pamoja na watu wazima. Fomula haina njia ya kulijua. Linajulikana kwa kuutazama umri pamoja na jambo lingine lililoandikwa, hasa uzito: mgonjwa wa «miaka 8» mwenye kilo 8 ni mtoto mchanga. Chuja wenye umri kati ya 1 na 11 katika safu ya miaka, na uzisome safu hizo mbili sambamba.

Nimeandika «5-9» kama jina la kundi, na sasa naona tarehe.

Excel imeisoma 5-9 kuwa tarehe, yaani tarehe 5 Septemba au 9 Mei kulingana na mipangilio ya kompyuta yako. Kibaya zaidi, LOOKUP ikilirudisha jina hilo katika safu ya makundi, huenda ukaona namba ndefu ya tarakimu tano, ambayo ni tarehe ileile katika umbo lake la ndani. Kurudisha muundo wa seli kuwa Text baada ya kuandika hakusaidii. Futa, weka muundo wa Text kwanza, kisha uandike upya. Vinginevyo andika «Miaka 5 hadi 9», ambayo haiwezi kudhaniwa kuwa tarehe.

Ukitumia makundi ya miaka mitano-mitano kama yale ya sensa, kuna jambo la pili. Majina hupangwa kwa herufi, kwa hiyo katika muhtasari «10-14» itatangulia «5-9», kwa kuwa 1 iko kabla ya 5. Anza majina kwa tarakimu mbili, «00-04», «05-09», «10-14», yote yakiwa katika seli za Text, na mpangilio utakaa sawa wenyewe.

Kwa nini nisitumie IF nyingi, VLOOKUP au XLOOKUP?

Unaweza. IF tatu zilizopachikwa ndani ya nyingine zitatoa majibu hayahaya, lakini vizingiti vitakuwa vimefichwa ndani ya fomula, na kukibadilisha kimoja ni kuibadilisha fomula katika mistari yote. VLOOKUP ikipewa TRUE mwishoni inafuata kanuni ileile ya LOOKUP, pamoja na sharti la mpangilio. XLOOKUP ikipewa -1 katika sehemu ya namna ya kulinganisha inatafuta kilicho sawa au kidogo kinachofuata, na haidai vizingiti vipangwe, jambo ambalo ni faida ya kweli. Haimo, hata hivyo, katika Excel 2016 na 2019, na matoleo hayo bado yapo katika ofisi nyingi. Faili linalosafiri kwa baruapepe kutoka ofisi hadi ofisi liko salama zaidi na LOOKUP.

Fomula inakataliwa kabla hata ya kutoa jibu.

Huenda kompyuta imepangwa kwa desturi ya nchi inayotumia mkato kwa desimali, kama ilivyo kawaida penye mipangilio ya Kifaransa nchini Burundi na Kongo. Hapo sehemu za fomula hutenganishwa kwa nukta mkato, na katika Excel ya Kifaransa jina la LOOKUP ni RECHERCHE:

```
=RECHERCHE(B2;$E$2:$E$5;$F$2:$F$5)
```

Huna haja ya kuiandika upya katika faili lililotoka kwingine, kwa sababu Excel hutafsiri fomula zilizokwisha kuwemo. Tatizo huwapata wanaonakili fomula kutoka kwenye maandishi kama haya.

Nitahakikishaje kwamba makundi yote ni sahihi?

Fanya majaribio mawili. La kwanza ni la mipaka. Katika karatasi ya pembeni andika umri ulio kwenye kila kizingiti na ule ulio mwaka mmoja chini yake, yaani 0, 17, 18, 34, 35, 59 na 60, na utumie fomula ileile. Majibu yawe Mtoto, Mtoto, Kijana, Kijana, Umri wa kati, Umri wa kati, Mzee. Kosa la kizingiti au la mpangilio haliwezi kujificha hapo, kwa kuwa makosa hayo hukaa mipakani na si katikati ya makundi. Ongeza seli tupu moja, na uone kama inatoa «Haujulikani».

La pili ni kuhesabu kwa njia isiyopitia LOOKUP kabisa, kisha kulinganisha:

```
=COUNTIF(B2:B400,"<18")
=COUNTIF(C2:C400,"Mtoto")
```

Fomula ya kwanza inahesabu umri, ya pili inahesabu majina ya makundi. Kwa kuwa COUNTIF yenye "<18" haizihesabu seli tupu, hesabu ya pili ikizidi ya kwanza, tofauti yake ni idadi ya watu wasio na umri ambao wamebandikwa jina la watoto, na hapo utajua kwamba mahali fulani katika safu ile fomula fupi bado imo. Kwa vijana tumia COUNTIFS yenye ">=18" na "<35", na kwa wazee COUNTIF yenye ">=60", ukikumbuka kuibadilisha kuwa COUNTIFS na kuongeza "<120" ikiwa umeweka ule mstari wa «Kagua umri». Jumla ya makundi yote, pamoja na «Haujulikani» na «Kagua umri», lazima ilingane na idadi ya majina katika safu A.